Machicha ya kahawa na miche iliyodumaa

Muuza kahawa wa mtaani kwangu humwaga machicha kila asubuhi, akishaosha dele. Nikamwomba aniwekee. Kwa wiki mbili nilikusanya karibu ndoo nzima, nikayachanganya na udongo wa tuta la mchicha, nikapanda. Mbegu ziliota chache. Zilizoota zikabaki na majani mawili madogo ya rangi ya manjano, huku tuta la pembeni, lisilowekwa kitu, likiwa tayari kuchumwa.

Nilidhani ni asidi, kama wengi wanavyodhani. Lakini sehemu kubwa ya asidi ya kahawa huyeyuka kwenye maji ya moto na kuishia kikombeni. Machicha yanayobaki mara nyingi huwa na pH ya 6 na ushei, kiasi ambacho mboga nyingi zinakivumilia bila shida. Kwa hiyo majivu niliyoongeza ili kuipunguza asidi hayakusaidia chochote.

Dhana ya pili ilikuwa njaa ya nitrojeni. Vijidudu vinapoozesha kitu kipya udongoni hujichukulia nitrojeni kwanza, na mmea hukosa. Hilo hutokea, ila halitoshi kueleza yote. Mwaka 2016 Hardgrove na Livesley wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walichapisha jaribio la kuchanganya machicha mabichi na udongo wa aina tatu, wakapanda brokoli, liki, figili, alizeti na maua ya viola. Mimea yote ilidumaa, kwenye udongo wa kichanga na kwenye usio wa kichanga, na hata pale walipoongeza mbolea. Kama tatizo lingekuwa njaa tu, mbolea ingeliondoa. Walichokishuku ni sumu iliyomo ndani ya machicha yenyewe. Mbuni una kafeini na jamii ya fenoli, na maji ya moto hayaviondoi vyote. Magugu pia yalipungua, jambo linaloonyesha kwamba sumu hiyo haibagui. Faida moja waliyoiona ni kwamba udongo ulishika maji vizuri zaidi.

Dawa ya sumu hiyo ni kuyaozesha machicha kabla hayajafika shambani. Kwenye biwi la mboji nafuata kipimo cha sehemu moja kati ya tano, yaani machicha yasizidi asilimia 20 ya ujazo wote. Biwi langu la pili lilikuwa na ndoo kumi za lita 20: mbili za machicha, tano za majani makavu ya mwembe na tatu za maganda ya jikoni na nyasi mbichi. Machicha ni ya kahawia, lakini uyahesabie upande wa mabichi, kwa kuwa yana nitrojeni ya takriban asilimia 2. Usiyaweke kwa tabaka nene. Kahawa ya dele husagwa laini sana, hivyo machicha yake hushikana kama udongo wa mfinyanzi, hewa ikakosa pa kupita na biwi likaanza kunuka uvundo. Nyunyiza konzi kwa konzi huku ukichanganya. Ukungu wa kijani au mweupe ukitokea, usihangaike nao. Ndio unaofanya kazi.

Biwi dogo kiasi hicho halipati moto mkali. Hupata joto siku za mwanzo, kisha hupoa. Nililigeuza kila wiki, nikihakikisha limelowa kama kitambaa kilichokamuliwa, na baada ya miezi minne likawa jeusi, lenye harufu ya udongo wa mvua.

Rangi na harufu bado hazitoshi kunishawishi. Nachukua makopo mawili, moja la udongo mtupu, jingine la udongo uliochanganywa nusu kwa nusu na mboji, na kwenye kila moja napanda mbegu kumi za figili, ambayo huota upesi. Baada ya wiki moja nahesabu. Kopo la mboji likiwa na miche pungufu, au miche yenye mizizi mifupi ya kahawia, biwi linarudi kusubiri mwezi mwingine. Mara ya kwanza kwangu ilikuwa tisa kwa sita. Mara ya pili, tisa kwa tisa.

Kuna wanaomwaga machicha kuzunguka miche ili kufukuza konokono. Jaribio la Hawaii lililochapishwa mwaka 2002 liliwaua kwa maji yenye kafeini ya asilimia 1 hadi 2, wakati kikombe cha kahawa kina karibu asilimia 0.05 tu, na machicha yaliyokwisha kukamuliwa hayafiki kiwango hicho cha jaribio. Ukiyatandaza mazito juu ya udongo, yakikauka huwa ukoko, na maji ya kumwagilia huteleza pembeni.

Ndani ya nyumba matumizi yake ni machache. Yakiwa yamekaushwa juani hadi kumomonyoka, bakuli moja hupunguza harufu ya friji. Yakiwa na unyevu huota ukungu humo humo. Hufaa pia kusugulia sufuria iliyoungua, mradi yasiishie kwenye sinki, maana hukutana na mafuta kwenye kona ya bomba na kuganda. Wenye mbwa wafunike biwi. Kafeini ni sumu kwa mbwa, na mbwa mdogo anayefukua machicha mabichi anaweza kuanza kutapika, kuhangaika na kutetemeka. Hapo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.