Elfu ishirini na tano ni ngapi?

Ukinunua kiwanja Mambrui au Gongoni, arubuni yake mara nyingi huandikiwa risiti ya kitabu, ile yenye nakala ya kaboni. Kwenye kikasha panaandikwa tarakimu, na kwenye mstari panaandikwa maneno. Risiti kama hizo zikirundikana mezani kwa wakili au kwa mweka hazina wa chama, hupigwa picha kwa skana, na kompyuta huombwa iseme ni ipi ambayo maneno yake hayakubaliani na tarakimu. Kazi hii inaonekana ya dakika mbili, lakini namba za Kiswahili zina mtego ambao programu iliyotengenezewa Kiingereza haiujui.

Kwenye hundi jambo hili lina uzito wa kisheria. Kifungu cha 9(2) cha sheria ya Kenya inayosimamia hundi, Sura ya 27, kinasema kwamba kiasi cha maneno kikitofautiana na cha tarakimu, kinacholipwa ni kile cha maneno. Benki kwa kawaida hazifiki huko, huirudisha hundi kwa aliyeiweka ili iandikwe upya. Tena tangu mwaka 2011 karatasi yenyewe haisafiri: hubaki kwenye benki iliyoipokea, na benki ya mwenye akaunti huiona picha tu. Risiti si hundi, na kifungu hicho hakiigusi. Hiyo ni ushahidi tu, na panapotokea ugomvi kila upande huvutia kwake.

Tuchukue risiti moja ya mfano. Kwenye kikasha pameandikwa 250,000/= na kwenye mstari, kwa mkono wa mzee wa Malindi, “alfu miteni na khamsini tu”.

Tuanze na tarakimu. Adui wa kwanza ni hiyo alama ya /= tunayoipenda. Mashine huuona ule mkwaju kuwa 1 au 7, na laki mbili na nusu hugeuka 250,0001. Dawa yake ni mkato: baada ya mkato lazima ziwe tarakimu tatu kamili, ya nne ni mkwaju. Mwandishi asiyeweka mkato hutupa shida zaidi, kwani 2500001 ni namba halali kabisa. Hapo tunaiandikia risiti alama ya “mkwaju?” na kuipeleka kwa mtu, bila kuiita ya wizi. Na picha ichukuliwe ya kijivu, kwa ubora wa 300 dpi hivi. Ikigeuzwa nyeusi na nyeupe tupu, mkato ulioandikwa kwa kalamu iliyofifia ndio wa kwanza kupotea.

Kisha maneno. Kwanza tunayarudisha kwenye umbo moja: alfu iwe elfu, miteni iwe mia mbili, alfeni iwe elfu mbili, khamsini iwe hamsini, arubaini iwe arobaini. Orodha ya maneno ya namba ni fupi, kwa hiyo neno lililosomwa vibaya hulinganishwa na lililo karibu nalo kwa herufi. Ruhusu kosa la herufi moja, usizidishe. Hata hilo moja lina hatari yake: ukiondoa a kwenye “nane” umepata “nne”. Jozi nyingine kama sita na tisa, au tatu na tano, zimeachana kwa herufi mbili, lakini nne na nane ni majirani wa ukuta mmoja. Nikiliona mojawapo kwenye mwandiko uliofinyangana, nalitaka jicho la mtu.

Sasa mtego wenyewe. Risiti yetu imekuwa “elfu mia mbili na hamsini”. Je, hiyo hamsini iko ndani ya elfu au nje yake? Ikiwa ndani, ni 250,000. Ikiwa nje, ni 200,050. Shuleni tulifundishwa kwamba cha pili kiandikwe “mia mbili elfu na hamsini”, lakini anayeandika risiti juu ya kaunta hakumbuki shule. Kwa hiyo programu isirudishe namba moja. Irudishe maana zote zinazowezekana:

```python
def elfu(w):
    majibu = set()
    for k in range(1, len(w) + 1):
        baki = w[k:]
        if baki and baki[0] not in ("na", "mia"):
            continue
        a, b = ndogo(w[:k]), ndogo(baki)
        if a and b is not None:
            majibu.add(a * 1000 + b)
    return majibu
```

Hapa `w` ni maneno yaliyofuata “elfu”, na `ndogo` husoma kiasi kilicho chini ya elfu moja. Isipopewa neno hutoa 0, “na” iliyotangulia huiruka, na ikikuta mpangilio usio na maana hutoa `None`. Kila mahali panapoweza kukatwa hujaribiwa. “Mbili mia tano” hutoa jibu moja, 2,500. “Ishirini na tano” hutoa mawili, 25,000 na 20,005. “Mia mbili na hamsini na tano” hutoa matatu: 255,000, 250,005 na 200,055.

Wengi hulitupa neno “na” kabla ya kuhesabu, wakidhani ni pambo. Ukilitupa, “mia na tano” inakuwa “mia tano”, na 105 imekuwa 500. Liache mahali pake.

Tarakimu za risiti yetu zinasema 250,000, nazo zimo kwenye majibu mawili ya maneno. Imepita? Ndiyo, lakini kwa udhaifu, maana 200,050 nayo ingepita. Mimi huiandika “inakubaliana, maneno yana maana mbili”, tofauti kabisa na ile ambayo maneno yake yana jibu moja nalo likalingana. Kwenye hundi iliyoandikwa kwa Kiswahili ningeirudisha, kwa sababu pale maneno ndiyo yanayotawala, na hayatawali chochote ikiwa hayajulikani yanasema nini.

Kuna kishawishi kimoja hapa ambacho nimeona watu wazuri wa kompyuta wakiangukia. Mwandiko ni mbaya, neno ni nne au nane, haijulikani. Tarakimu zinasema 48,000. Basi programu huambiwa ichague neno linaloendana na tarakimu, na ripoti inatoka safi. Lakini tumeshaifuta tofauti tuliyokuwa tukiitafuta! Mtu aliyeigeuza 4 kuwa 8 kwenye kikasha atasaidiwa na mashine kuligeuza neno pia. Maneno yasomwe bila kuzijua tarakimu, tarakimu bila kuyajua maneno, na yakutane mwishoni tu, kila upande ukiwa umeshaandika jibu lake.

Kuna aina moja ya kughushi ambayo ulinganishaji hauioni hata kidogo, nayo ni pale pande zote mbili zilipobadilishwa. Risiti ya “elfu ishirini” yenye 20,000 hupata “na tano” mbele yake, na sifuri moja hugeuzwa 5. Maneno na tarakimu sasa yanapatana. Ndiyo maana tunaitazama picha ya mstari baada ya neno la mwisho: pana “tu” au pamepigwa mstari hadi ukingoni? Kama hakuna, pima nafasi iliyobaki kati ya maneno. Maneno yaliyoongezwa baadaye mara nyingi hubanana kuliko ya kwanza, na kwenye nakala ya kaboni hayapo kabisa, kwa sababu wakati yanaongezwa kitabu kilikuwa kwa aliyeiandika na risiti iko mfukoni mwa mteja. Kwa hiyo, inapowezekana, piga picha nakala ya kaboni nayo, uisome peke yake kwa hatua zilezile.