Slaidi 14 za Airbnb: kipi kitangulie, kipi kifuate

Mwaka 2008 Brian Chesky, Joe Gebbia na Nathan Blecharczyk walikuwa na tovuti iliyoitwa AirBed & Breakfast, leo Airbnb, pamoja na wasilisho la slaidi 14 la kuombea mtaji wa mbegu. Wasilisho hilo limesambaa sana mtandaoni, na wanaofundisha vijana wa startapu hulitoa kama kielelezo. Wengi huiga mwonekano wake. Mimi naona cha kuiga ni mpangilio: kila slaidi inajibu swali ambalo iliyotangulia imeliacha kichwani mwa msomaji. Zipo pia sehemu mbili tatu ambazo mpangilio huo unapwaya, na mwombaji wa leo asizirudie.

Slaidi ya kwanza ina jina na sentensi moja tu, kwamba msafiri akodi chumba kwa wenyeji badala ya kwenda hotelini. Asiyewahi kuisikia kampuni hiyo anajua papo hapo nini kinauzwa na nani anauziwa. Linganisha na zile “jukwaa bunifu la kidijitali linalowezesha jamii” tunazokutana nazo kila siku, ambazo ukizisoma mara tatu bado hujui kama watu wanauza bima au mbolea.

Ya pili inataja tatizo kwa mambo matatu: msafiri anajali bei, hoteli inamtenga na maisha ya mji, na hakuna njia rahisi ya kupata chumba kwa mwenyeji. Ya tatu inatoa suluhisho: tovuti ambayo mgeni anaokoa pesa, mwenye nyumba anapata pesa, na wote wawili wanaonjeshana utamaduni. Soma slaidi hizi mbili zikiwa sambamba. Karibu kila kero ina jibu lake. Kilichobaki bila mwenzake ni kipato cha mwenye nyumba, kwa kuwa slaidi ya tatizo haikusema lolote juu ya shida yake. Biashara yenye pande mbili inapaswa kuonyesha kero ya kila upande, la sivyo mwekezaji atauliza upande wa pili unakuja kutafuta nini.

Baada ya suluhisho hilo, swali la mtu yeyote mwenye akili timamu ni moja: nani atakubali kulala kwa mtu asiyemjua? Hapo ndipo pana ufundi mkubwa wa wasilisho hili. Slaidi ya nne inaweka ushahidi kabla ya kutaja ukubwa wa soko. Inasema Couchsurfing ilikuwa na watumiaji 660,000, na Craigslist ilipokea matangazo 50,000 kwa wiki ya makazi ya muda nchini Marekani. Kwa hiyo watu walikuwa tayari wanalala kwa wageni, wengine bure, wengine kwa kupatana wenyewe bila mfumo wa malipo. Ukianza na mabilioni ya soko kabla ya kuondoa shaka hiyo, mwekezaji anayatazama mabilioni hayo huku bado anatikisa kichwa.

Soko lenyewe, katika nakala ninayoitumia hapa (zipo nyingine zenye tarakimu tofauti), linashuka ngazi tatu: safari bilioni 1.9 duniani, kisha milioni 532 za bei nafuu zinazolipiwa mtandaoni, kisha milioni 10.6 watakazozipata wao. Ngazi ya tatu ni asilimia 2 ya ngazi ya pili. Kwa nini 2, isiwe nusu asilimia? Slaidi haisemi. Huu ndio ugonjwa wa hesabu zinazotoka juu kwenda chini: mtu anachukua bahari, anachota kijiko, na hakuna anayejua kijiko kimetoka wapi.

Slaidi ya saba, ya namna ya kupata pesa, inafanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa sababu inaanza na mteja mmoja. Chumba ni dola 70 kwa usiku, mgeni analala siku tatu, jumla dola 210. Kamisheni ni asilimia 10, yaani dola 21, nao wakaandika 20. Zidisha kwa safari milioni 10.6 unapata kama dola milioni 200, walizotarajia kufikia 2011. Sehemu ya kwanza ya hesabu hii mwekezaji anaweza kuihakiki kwa simu moja. Sehemu ya mwisho ni matumaini. Mwaka 2015 Chesky alichapisha barua za wawekezaji waliomkataa mwaka 2008, na mmojawapo alieleza kuwa soko halikuonekana kuwa kubwa vya kutosha. Ukubwa wa soko haukumshawishi.

Slaidi ya bidhaa, ya sita, haihitaji maneno mengi: tafuta mji, pitia vyumba, lipia. Ya wapinzani, ya tisa, ni mchoro wa mistari miwili inayokatana, mmoja wa bei na mwingine wa muamala kufanyika mtandaoni au nje yake. Mchoro wa aina hii una hila yake, maana anayeuchora ndiye anayechagua mistari, na daima hujikuta kwenye kona nzuri.

Slaidi ya nane ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Wengi wakifika kwenye kupata wateja huandika “mitandao ya kijamii” wakapita. Hawa walitaja matukio kwa majina, kama Oktoberfest yenye wageni milioni sita, na mbinu ya kuwezesha tangazo la mwenye nyumba kuonekana pia Craigslist. Mbinu ya matukio walikuwa wameijaribu. Oktoba 2007 walilaza wageni watatu kwenye magodoro ya upepo San Francisco wakati wa mkutano wa wabunifu, na Agosti 2008 walipata wageni wapatao 80 Denver wakati wa mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Ajabu ni kwamba idadi hiyo haimo. Badala yake, slaidi ya 12 ni vyombo vya habari vilivyowaandika na ya 13 ni sifa kutoka kwa watumiaji. Themanini ni wachache, lakini ni wateja wao wenyewe waliolipa, na mahali pao palikuwa slaidi ya nne, kando ya Couchsurfing.

Timu nayo imewekwa ya 11, ikitaja kila mmoja anafanya nini. Ni mbali mno kwa hatua ya mbegu. Utafiti wa DocSend wa mwaka 2015 ulikuta wawekezaji wanatumia wastani wa dakika 3 na sekunde 44 kwa wasilisho moja, na timu ni miongoni mwa slaidi wanazozikalia zaidi. Kama waanzilishi ndio nguvu yako kuu, wapandishe mara baada ya suluhisho.

Slaidi ya mwisho inaomba dola 500,000 za miezi 12 ili kufikia miamala 80,000, kila mmoja ukiingiza dola 25, jumla dola milioni 2. Ombi linapaswa kuwa hivi: kiasi, muda, na alama itakayofikiwa. Gawanya 500,000 kwa 80,000 utaona kila muamala unagharimu dola 6.25 na kurudisha 25, hoja nzuri ambayo mwekezaji anaifikia mwenyewe. Lakini slaidi ya saba ilisema ada ni dola 20, hapa imekuwa 25. Na kutoka miamala 80,000 hadi milioni 10.6 ni kuongezeka zaidi ya mara 130, bila slaidi yoyote kueleza njia.

Aprili 2009 Sequoia iliongoza uwekezaji wa mbegu wa takriban dola 600,000. Wewe unayeandaa lako, kabla ya kulituma mpe mtu mwenye kikokotoo, aone kama tarakimu za slaidi ya soko, ya mapato na ya ombi zinakubaliana.