Mpango wa Soko kwa Mwenye Saa Moja ya Jioni

Mwalimu wa Nachingwea au karani wa halmashauri ya Ruangwa hawezi kuchungulia chati katikati ya kazi. Nafasi yake ni saa 2 usiku. Tuupime mpango ulioandikwa kwa ajili yake: jozi moja tu, EUR/USD, kwenye chati ya siku, yaani D1.

Saa hiyo ina faida. Takwimu kubwa za Marekani hutoka saa 9:30 alasiri kwetu, au saa 10:30 majira yao ya baridi, hivyo mtikisiko wake wa kwanza umeshapita. Tatizo ni kwamba mshumaa wa leo haujafungwa. Siku ya soko huishia saa 11 jioni ya New York, ambayo kwetu ni saa 6 usiku, au saa 7 wakati wa baridi yao. Kwa hiyo mpango unamtaka asome mshumaa wa jana tu. Wa leo unaweza kugeuka akiwa amelala.

Kanuni ni fupi. Bei ikiwa juu ya wastani wa siku 50, anatafuta kununua tu. Tuseme mshumaa wa jana ulifika juu 1.1050 na chini 1.0980, na bei bado iko katikati. Anaweka oda ya Buy Stop kwenye 1.1055, Stop Loss kwenye 1.0975 na Take Profit kwenye 1.1215. Anazima simu. Oda isipoguswa hadi kesho jioni, anaifuta. Akikuta bei imeshapita juu ya mshumaa huo, haikimbizi.

Hesabu ndiyo inayowaangusha wengi. Umbali wa kusimamisha hasara ni pipsi 80. Kwa loti 0.01, pipsi moja ni dola 0.10, kwa hiyo hasara ni dola 8. Mpango unaruhusu kuhatarisha asilimia 1 ya mtaji, na hiyo inadai akaunti ya dola 800. Mwenye dola 200 atakuwa anahatarisha asilimia 4 bila kujua. Mara nyingi hujiokoa kwa kuisogeza Stop Loss hadi pipsi 20, lakini bei ya siku moja huzimeza hizo kwa mtikisiko wa kawaida. Ukiona biashara zako zinafungwa kwa hasara, kisha bei inaelekea ulikotabiri, ugonjwa ni huo.

Yapo pia makato ya kulala na biashara wazi, na kwa jozi hii usiku wa Jumatano huhesabiwa mara tatu. Soko linapofunga siku, pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza hupanuka, na Stop Loss iliyo karibu huguswa.

Mpango huu unafaa, kwa sharti moja: umbali uamue ukubwa wa loti. Mwenye dola 200 atumie akaunti ya senti au ya majaribio, na mshahara wake auache ulipo.