Heko, Mwalimu wa Chaki

Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, madarasa mengi ya Tanzania yamefurika. Mwalimu wa Ruaha, Kilosa, anayefundisha eneo la pembetatu kwa chaki tu, anastahili heko.

Huchora mstatili wa mita 8 kwa 3, akaukata kwa ulalo: 24 inagawanyika, kila pembetatu 12. Kisha huchora pembetatu yenye kitako 8, mbavu mbili za 5 na kimo 3 cha nukta nukta. Wanafunzi hukokotoa eneo, huweka kalamu chini wasiigane, ndipo kila mmoja hunyoosha mkono jibu lake linapotajwa.

Aliyepata 20 amechukua ubavu badala ya kimo. Mwenye 24 amesahau kugawa kwa 2. Bila kusahihisha daftari hata moja, mwalimu ameshajua arudie wapi.