Mstari wa Bahari na Kamba ya Demani

Mtazamaji wa video ya digrii 360 huiona akiwa ndani yake, akigeuza simu huku na huku kana kwamba amesimama pale pale ilipopigwa. Fundi anayeihariri huiona imekunjuliwa na kulazwa, upana wake mara mbili ya kimo chake, kwa hesabu ileile inayolaza dunia kwenye ramani ya ukutani. Dada mmoja hapa Unguja, ambaye watembeza wageni humletea video zao azisawazishe, haichezeshi video kabla hajaitazama kwanza ikiwa imelala hivyo na imesimamishwa. Hutazama mstari wa bahari, kisha hutazama mahali ambapo picha za lenzi mbili zimeshonwa pamoja.

Kazi niliyomwona akiifanya ilikuwa safari fupi ya jahazi mbele ya Mji Mkongwe. Kamera yenye lenzi mbili zilizopeana migongo ilikuwa juu ya kijiti chembamba kilichofungwa tezini, lenzi moja ikitazama omo na nyingine ikitazama nyuma, baharini. Mwenye video alikuwa tayari ameipitisha kwenye programu ya simu na kuiamuru iunyooshe upeo wenyewe. Kwa sehemu kubwa iliunyoosha vizuri. Lakini jahazi lilipogeuka kurudi pwani, bahari ilianza kupinda taratibu, ikabaki imepinda kwa muda wote wa kugeuka, kisha ikajirudi.

Kasoro hiyo inaonekana wazi kwenye picha iliyolala. Kamera ikiwa wima sawasawa, upeo wa bahari ni mstari ulionyooka unaopita katikati kabisa ya kimo cha picha. Kamera ikiinama, mstari huo hauinami kama fremu iliyoning'inizwa vibaya. Unakuwa wimbi moja refu, linalopanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Wimbi hilo linaeleza kila kitu. Kilele au bonde likiwa katikati ya picha, kamera imeinama mbele au nyuma. Yakiwa robo ya upana kutoka kila ukingo, kamera imelala ubavu. Na urefu wa kilele ni pembe yenyewe: video hii ilikuwa na upana wa pikseli 5760, yaani pikseli 16 kwa kila digrii, na wimbi lilipanda pikseli 40 na kitu. Hizo ni digrii mbili na nusu.

Dada hakushangaa. Ndani ya kamera mna kihisi kinachojua chini ni wapi kwa kupima mvuto wa ardhi, na kingine kinachofuatilia mizunguko. Jahazi likigeuka, kihisi cha kwanza kinapata msukumo wa pembeni na hakiwezi kuutofautisha na mvuto. Tuchukue jahazi linalokwenda mita tatu kwa sekunde, likizunguka duara la nusu kipenyo cha mita 20: msukumo wa pembeni ni mita 0.45 kwa sekunde mraba, na mvuto ni 9.8. Gawanya, utapata kwamba "chini" ya kamera imehama kwa karibu digrii mbili na nusu. Kugeuka kwa ghafla kusingekuwa na madhara, kwa sababu kihisi cha mizunguko kingesahihisha; kugeuka polepole kwa sekunde ishirini kunakipa kile cha kwanza muda wa kutosha kuamini uongo wake. Kwa hiyo aliomba faili asilia za kamera, ambazo hazijashonwa wala kunyooshwa.

Hapo ndipo ninapoipenda kazi yake. Angeweza kuunyoosha ule mstari siku hiyohiyo kwenye video aliyoletewa. Lakini kulikuwa na mshono mbovu pia, na mshono hurekebishwa kabla ya upeo. Katika picha iliyotoka moja kwa moja kwenye lenzi, bila kunyooshwa, mishono imekaa palepale tangu mwanzo hadi mwisho: mistari miwili wima, kwenye robo ya upana na robo tatu, hapa pikseli 1440 na 4320. Picha ikishazungushwa ili bahari inyooke, mishono hupinda na kutangatanga kila jahazi linapoyumba, na kiraka chochote utakachobandika lazima kiifukuze fremu kwa fremu.

Mshono wenyewe ulikuwa unakata kamba ya demani, ile inayoshika tanga kwa chini. Ilipita nusu mita kutoka kwenye kamera, na pale kwenye mshono ilikatika: kipande cha juu kiliishia mahali pamoja, cha chini kikaanza upana wa kidole kando yake. Kabla ya kuigusa, aliukuza ule mstari wa bahari palepale unapovuka mshono. Ulikuwa mzima. Uchunguzi huu mdogo unaokoa saa nyingi. Kitu cha mbali kikikatika kwenye mshono, kosa ni la kamera au mipangilio: lenzi imegongwa na kusogea kidogo, au imevishwa kioo cha kinga na programu haikuambiwa, ilhali kioo hicho hupindisha mwanga. Cha mbali kikiwa kizima na cha karibu kikakatika, hakuna kilichoharibika. Ni umbali tu.

Lenzi mbili haziwezi kukaa mahali pamoja. Tuchukue kwamba zimeachana sentimita tatu. Kwa kitu kilicho mita kumi, tofauti ya pembe kati ya jicho moja na jingine ni chini ya moja ya tano ya digrii, kama pikseli tatu, na hakuna atakayeiona. Kwa mita moja ni pikseli 27 hivi. Kwa nusu mita, pikseli 55, na hiyo ndiyo kamba yetu. Programu inaposhona, inachagua umbali mmoja na kuzilinganisha picha mbili kwa umbali huo. Ukiusogeza ufuate kamba, kamba inaungana na mji ulio nyuma yake unakatika. Alinionyesha hivyo kwa kusogeza kitelezi mbele na nyuma, na kweli kamba na majengo ya Forodhani vilikuwa vikipokezana kuvunjika.

Njia inayoandikwa Optical Flow kwenye programu nyingi hujaribu kuvikidhi vyote: katika ukanda ambao lenzi zote mbili zinaona, inatafuta kila doa la picha moja liko wapi kwenye nyingine, kisha inayavuta yakutane. Kwa ukuta wa mawe au kokoto hufanya vizuri sana, kwa sababu kuna alama tele za kushika. Kwa kamba nyembamba mbele ya maji yanayometa hushindwa, maana maji hubadilika kila fremu na kamba haina alama. Matokeo yake ni kamba inayotetemeka kama iko jikoni juu ya moto. Ukanda huo una mwisho pia. Kwa lenzi zinazoona digrii 200, kila moja inapita digrii kumi nyuma ya mstari wa nusu, na kwa lenzi zilizoachana sentimita tatu, miono yao inakutana kwenye sentimita nane na nusu hivi kutoka kwenye kamera. Kilicho karibu zaidi ya hapo, katika uwazi ule, hakionwi na lenzi yoyote. Ndiyo sababu kijiti cha kamera hupotea, na ndiyo sababu hakuna programu itakayomrudishia mtu kidole kilichopita hapo.

Basi akaishona video mara mbili: mara moja kwa umbali wa mji na mara moja kwa umbali wa kamba. Ile ya pili akaiweka juu ya ya kwanza na kuikata yote isipokuwa ukanda mwembamba unaofuata kamba, kingo zake zikiwa zimefifishwa kwa pikseli chache. Kwa kuwa kamba na kamera zote zimefungwa kwenye jahazi, ukanda huo ulihitaji kusogezwa pale tu tanga lilipopumua. Ili afanye kazi mbele ya macho, aliizungusha picha kwanza digrii 90 mshono ukaja katikati. Hakuihifadhi ikiwa hivyo; kila picha inapozungushwa na kuhifadhiwa upya hupoteza ukali kidogo, na yeye hukubali mzunguko mmoja tu wa kuhifadhi, ule wa upeo.

Huo ndio ulikuwa wa mwisho. Picha asilia ilionyesha jahazi limelala digrii tano ubavuni kwa upepo: upeo ulikuwa pikseli 80 juu kushoto na 80 chini kulia. Hapa wengi hukosea kwa kutumia zana ya kawaida ya kuinamisha picha, ambayo huipindisha karatasi na kuacha wimbi likiwa wimbi. Kinachotakiwa kuzungushwa ni tufe. Kwenye Premiere kazi hiyo hufanywa na VR Rotate Sphere. Anayetumia amri anaweza kuandika hivi:

```
ffmpeg -i jahazi.mp4 -vf "v360=e:e:roll=5:interp=lanczos" -c:a copy jahazi_sawa.mp4
```

Ukikosea alama ya kutoa, wimbi halipungui bali linafika pikseli 160, na hapo unajua ni `roll=-5`. Kwa kuwa jahazi halikulala vilevile muda wote, dada alibadilisha pembe kidogokidogo, akiweka nukta mwanzo na mwisho wa kila badiliko na kuacha programu ijaze katikati. Anayeweka nukta kila fremu huingiza mtikisiko wa mkono wake mwenyewe.

Na alipima upande wa bahari wazi tu. Upande wa mji, mahali maji yanapogusa ukuta si upeo. Kutoka kamera iliyo mita mbili juu ya maji, ukuta ulio mita 200 unagusa maji nusu digrii na kitu chini ya upeo wa kweli, pikseli tisa, na anayeuamini ukuta ataipinda bahari kwa kiasi hicho bila kujua.

Mwenye video alipokuja kuitazama, bahari ilikuwa imenyooka pande zote na mlingoti ukiwa umeinama.

"Mbona jahazi limelala, dada?"

"Lililala, kaka. Tanga lilikuwa limejaa."

Alitaka mlingoti usimame. Dada alimwonyesha, bila kubishana, jinsi inavyokuwa: mlingoti wima, na Bahari ya Hindi yote ikipanda mteremko upande wa kushoto. Mtu aliyeketi kwenye kiti akivaa miwani na kuona hivyo, masikio yake ya ndani yanamwambia ametulia na macho yanamwambia anaanguka, na kichefuchefu hakichelewi. Kaka aliichukua ile yenye bahari iliyonyooka. Kamba ilikuwa bado na kivuli hafifu cha pili katika fremu chache, pale tanga lilipopiga kwa nguvu. Dada alimwambia zilipo, na kwamba safari ijayo aigeuze kamera robo duara, demani iwe mbele ya lenzi moja.