Uzito wa Maoni: Kuhakiki Insha ya Mwenzako Kuhusu Maji Maji

Chukua rasimu ya insha kuhusu sababu za Vita vya Maji Maji ambayo imekwisha kupita mikononi mwa msomaji mwingine, kisha soma kwanza yaliyoandikwa pambizoni. "Safi." "Fafanua zaidi." "Ongeza ushahidi." "Aya ndefu mno." Ukiyahamishia maneno hayo kwenye insha ya biashara ya karafuu Unguja, yatakaa vilevile bila kubadilishwa hata herufi. Hapo ndipo ninapoanzia kupima uhakiki. Maoni yanayofaa insha yoyote hayampi mwandishi wa insha hii kitu cha kushika.

Tuseme mwenzako ameandika hivi katika utangulizi: kilimo cha lazima cha pamba ndicho kilichosababisha vita, na kwa sababu hiyo watu wa kusini wote wakaungana dhidi ya Wajerumani. Msomaji mpole atapigia mstari na kusifu. Msomaji mkali ataandika kwamba sababu zilikuwa nyingi, na hili ni baya zaidi, kwa kuwa mwandishi atarudi na kodi, viboko, maakida na kazi za kulazimishwa, akazipanga moja chini ya nyingine kama majibu ya mtihani. Insha itarefuka na hoja itapotea.

Msomaji hodari huchukua ramani na kalenda. Mashamba ya pamba ya pamoja yalianzishwa chini ya Gavana von Götzen mwaka 1902, katika wilaya za pwani na maeneo ya karibu nazo. Huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba mwishoni mwa Julai 1905, na hapo dai la mwenzako limesimama imara. Lakini vita vilifika hadi Ungoni, mbali sana barani, ambako mpango huo wa pamba haukuwa mzigo wa watu. Basi atamwandikia: "Aya ya kwanza: pamba inaeleza vizuri Umatumbi. Je, inawaelezaje Wangoni wa Songea, unaowataja katika aya ya tano? Ama punguza dai lihusu mwanzo wa vita tu, ama onyesha Wangoni waliingia kwa sababu gani."

Tazama maoni hayo yalivyojengwa. Yanakubali kile ambacho hoja inaweza kubeba, yanaonyesha mahali inapoelemewa, kisha yanafungua njia mbili ambazo zote mbili ni halali. Hayasemi kwamba watawala wa Kingoni walikuwa na uchungu wa mamlaka waliyopokonywa tangu boma la Songea lilipojengwa mwaka 1897. Mhakiki huenda analijua hilo, ila akilimwaga lote pambizoni, insha inakuwa yake. Mimi hupunguza alama za mhakiki anayemwandikia mwenzake aya nzima, hata kama aya yenyewe ni nzuri.

Kalenda ina kazi nyingine. Kodi ya kibanda ilianza kukusanywa mwaka 1898. Insha ikisema kodi ndiyo iliyoleta vita vya 1905, swali linalofaa ni fupi: "Kwa nini si 1899?" Swali hilo haliiondoi kodi katika insha. Linamlazimisha mwandishi kutenganisha mambo matatu ambayo rasimu nyingi huyachanganya: kilichowachukiza watu, kilichowafanya wasimame mwaka ule, na kilichowawezesha watu waliokuwa mbalimbali kupigana kwa wakati mmoja. Kodi hujibu la kwanza. Maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe hujibu zaidi la tatu.

Huyo Kinjikitile naye ni mtego. Rasimu nyingi humfanya kamanda wa vita vyote. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, nalo shambulio kubwa kwenye boma la Mahenge lilitokea tarehe 30 mwezi huohuo. Mhakiki akiziweka tarehe hizo mbili kando ya sentensi inayosema "aliongoza vita hadi mwisho", na kuuliza nani basi alikuwa mbele ya watu kule Mahenge, amefanya kazi ambayo "hakiki ukweli huu" haiwezi kufanya.

Katika ushahidi, maoni dhaifu huhesabu vyanzo, na maoni bora humuuliza kila shahidi alikuwa nani. Von Götzen alichapisha kitabu chake kuhusu vita hivi mwaka 1909. Mtu aliyekuwa gavana wakati nchi inawaka alikuwa na sababu ya kuukuza ushirikina wa waganga na kuyapunguza makosa ya utawala wake. Upande wa pili kuna simulizi za wazee zilizokusanywa na wanafunzi na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Hizo ni hazina, na ninazipenda kuliko faili lolote la boma. Hata hivyo zilisemwa miaka sitini baadaye, katika taifa changa lililokuwa likitafuta mizizi ya umoja wake. Mwenzako akizitumia simulizi hizo kuthibitisha umoja, mwambie ni umoja upi unaoonekana ndani ya simulizi yenyewe, na upi umeongezwa na msomaji wa baadaye. Maoni ya haki huwapima mashahidi wote wawili kwa kipimo kimoja. Mhakiki anayemtilia shaka Mjerumani peke yake amefanya nusu ya kazi.

Kisha kuna idadi ya waliokufa. Ukikuta "Wajerumani waliwaua watu 300,000 vitani", usiridhike na kuomba chanzo. Makadirio ya Wajerumani wenyewe yalikuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wa hao waliangamizwa na njaa iliyofuata baada ya jeshi kuchoma vijiji, mazao na maghala. Kwa hiyo maoni yenye uzito yatauliza mambo mawili pamoja: hesabu hii ni ya nani, na je, watu hawa walikufa vitani au kwa njaa? Jibu la swali la pili linaweza kubadili sehemu ya mwisho ya insha yote, kwa sababu njaa iliyotengenezwa ni silaha, na inahitaji aya yake.

Kuhusu muundo nina jambo moja tu. Andika kando ya kila aya sentensi moja inayosema aya hiyo inathibitisha nini, kisha zisome sentensi hizo peke yake. Ukiweza kuihamisha aya ya kodi ikae baada ya aya ya viboko bila chochote kuvunjika, mbele yako una orodha. Mpe mwenzako sentensi zako hizo hivyohivyo. Ataona mwenyewe kwamba aya ya nne na ya sita zinasema jambo lilelile, na halitamuuma kama kuambiwa kwamba insha haina mpangilio. Tahajia na alama za uandishi zisubiri rasimu ya mwisho. Kusahihisha koma ndani ya aya itakayofutwa ni kupoteza muda wa watu wawili.

Ubora wa uhakiki huonekana katika rasimu ya pili. Dai likirudi likisema kwamba pamba iliwasha moto Umatumbi, maji yakaupeleka mbali, na kila eneo likaingia vitani na kinyongo chake, maoni yalifika. Yamefika pia mwandishi akikataa kubadili dai lake, lakini akaongeza aya inayojibu swali la Wangoni kwa ushahidi ambao mhakiki hakuwa nao.