"Futa kache": ushauri nusu kwa TV yenye memori ndogo

Ukimwambia mtu yeyote kwamba TV yako janja imekuwa nzito, jibu utakalopewa unalijua: "Futa kache." Fundi atakwambia hivyo, jirani atakwambia hivyo, na video fupi za mtandaoni zitakwambia ufanye kila wiki. Leo nataka tuukosoe ushauri huu. Si uongo. Tatizo lake ni kwamba unatibu ugonjwa mmoja wakati TV nyingi za bei nafuu zina magonjwa mawili, na wa pili hausikii dawa hiyo kabisa.

Tuanze na TV ya shangazi yangu: inchi 32, Android TV, RAM 1 GB, hifadhi 8 GB. Alinunua kwa pesa ya kikoba, na baada ya miaka miwili ilikuwa ukibonyeza rimoti unahesabu hadi nne kabla menyu haijasogea. Fundi alishamwambia anunue nyingine. Akanipigia: "Mwanangu, wewe si unasoma mambo haya? Njoo uiangalie kabla sijaitoa."

Nikaenda, nikafungua `Settings`, kisha `Device Preferences`, kisha `Storage`. Hapo ndipo unapogundua kwamba 8 GB za kwenye boksi si zako zote. Mfumo wenyewe umejichukulia fungu lake, na kwa shangazi zilibaki 4.9 GB za programu na data. Zilizokuwa wazi: 180 MB tu.

Kiasi hicho kina maana. Android huanza kulalamika nafasi ikishuka chini ya asilimia 5 ya sehemu ya data, au 500 MB, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Asilimia 5 ya 4.9 GB ni kama 245 MB, kwa hiyo TV ilikuwa tayari chini ya mstari. Na chipu za hifadhi za TV hizi zina tabia moja: haziandiki juu ya data ya zamani moja kwa moja. Lazima kwanza zifute eneo zima, na kama nafasi wazi ni finyu, zinahamisha vipande huku na huku kabla ya kuandika hata faili dogo. Wewe unaona menyu imeganda, kumbe ndani kuna mtu anapanga stoo iliyojaa ili apate pa kuweka kiberiti.

Katika hali hii kufuta kache kunasaidia kweli. Unaingia `Apps`, `See all apps`, unachagua programu, unabonyeza `Clear cache`. Nilifanya kwa programu zote nikapata 310 MB. Menyu ikachangamka. Shangazi akafurahi, nami nikaondoka kifua mbele.

Siku ya tano akapiga tena. Imerudi vilevile.

Bila shaka imerudi, kwa sababu kache ni vitu ambavyo programu imevishusha mara moja ili isivishushe tena: picha ndogo za video, nembo, vipande vya kurasa. Ukivifuta, programu inavishusha upya mara ukiifungua, na kwa hiyo ufunguaji wa kwanza unakuwa mzito zaidi, tena unalipa kwa bando lako. Halafu Android yenyewe hufuta kache nafasi ikibana sana. Anayefuta kila wiki anafanya kwa mkono kazi ambayo mfumo ungeifanya wenyewe, na chanzo cha kujaa kiko palepale.

Safari ya pili nilitaka kuwa mjanja zaidi, nikabonyeza `Clear data` badala ya `Clear cache`. Vitufe hivi viko karibu karibu, na hapa lawama ninaibeba mwenyewe. `Clear data` huirudisha programu kama siku uliyoiweka: akaunti, nenosiri, vyote kwaheri. Nenosiri la shangazi aliliweka binamu yangu aliyeko Mwanza, na yeye mwenyewe alishalisahau. Jioni ile tamthilia haikuangaliwa, na chai niliyopewa ilikuwa ya kimya.

Kilichotoa nafasi ya kudumu ni kingine. Kwanza, mchezo wa magari ambao mtoto wa jirani aliuweka, karibu 900 MB, tukauondoa. Pili, programu zilizokuja na TV ambazo shangazi hajawahi kuzifungua. Hizi hazifutiki, kwa sababu nakala yake ya kiwandani iko kwenye sehemu ya mfumo. Lakini masasisho yake hukaa kwenye sehemu yako, kwa hiyo programu moja inakula nafasi mara mbili. Ukiingia kwenye programu hiyo, bonyeza `Uninstall updates`, kisha `Disable`. Usiruke `Disable`, la sivyo itajisasisha tena usiku. Na usiguse programu usiyoijua kazi yake. Baada ya hapo nafasi wazi ikafika 1.7 GB na haikushuka.

Je, menyu ikawa nyepesi? Nusu. Hapa ndipo ugonjwa wa pili unapojitokeza, yaani RAM. Kuutambua huhitaji kifaa. Fungua YouTube, angalia video dakika mbili, kisha bonyeza kitufe cha nyumbani. Kama ukurasa wa mwanzo unatokea mtupu na picha zinajaa moja moja, maana yake mfumo uliuua ukurasa huo ili YouTube ipate RAM, na sasa unaujenga upya. Kache haihusiki hapo kabisa. Kache iko kwenye hifadhi, na ukurasa huo umefia kwenye RAM.

Ukiwa na kompyuta na umewasha `USB debugging` au `Network debugging` kwenye TV, unaweza kuona namba zenyewe:

```
adb shell cat /proc/meminfo
```

Tazama mstari wa `MemAvailable`. Kwa shangazi, TV ikiwa imetulia kwenye ukurasa wa mwanzo, ulionyesha kama 190 MB. Programu ya video inamaliza kiasi hicho bila kutoa jasho.

RAM haiongezeki, na flashi ya USB haitaibadilisha, hata muuzaji aape. Unachoweza ni kupunguza wanaoigombania. `Disable` tuliyoifanya ilisaidia hapa pia, maana programu iliyozimwa haijiamshi nyuma ya pazia. Kisha tukazima video zinazojicheza zenyewe kwenye ukurasa wa mwanzo: `Device Preferences`, `Home screen`, `Enable video previews`. Hiyo peke yake niliihisi kwenye rimoti kuliko kache zote nilizofuta. Zile programu za "kusafisha memori" tuliziacha dukani, kwa sababu nazo zinakaa kwenye RAM hiyohiyo, na wanachokiua kinafufuka baada ya sekunde chache.

Na kuna jambo la kizembe kabisa: kitufe chekundu cha rimoti mara nyingi hakizimi TV, kinailaza tu. Ya shangazi huenda ilikuwa haijawashwa upya kwa miezi. Sasa kila Jumapili anashikilia kitufe hicho hadi ionekane `Restart`, na dakika mbili za kwanza haigusi, anaiacha imalize kuamka.

Menyu sasa inajibu ndani ya sekunde moja hivi. Kuhama kutoka YouTube kwenda programu nyingine bado kunachukua muda, na kwa RAM 1 GB kutaendelea kuchukua. Shangazi anasema kwa muda huo anageuza chapati.